Kafulinki hazina pa kuingia, pini inainama: mapambo madogo ya suti ya harusi

*"Shikamoo mtaalamu. Mdogo wangu anafunga ndoa hapa Moshi mwezi wa Desemba. Suti yake ni ya buluu iliyokolea, vipande vitatu, na fundi ameshaimaliza. Shati jeupe tulilinunua dukani. Nimempa boksi la zawadi lenye kafulinki, kibanio cha tai na pini ya ua ya kola. Sasa kafulinki hazina pa kuingia, kibanio kinazidi upana wa tai, na pini inainama kila akilivaa koti. Mama naye ana brochi anayotaka kuivaa kwenye gauni la satini, naogopa litachanika. Mjomba ndiyo kabisa, anasema zingefaa kafulinki za tanzanite. Nianzie wapi?"* Dada wa bwana harusi, Majengo, Moshi

Marahaba, dada. Anza na shati, kwa sababu ndilo peke yake linalohitaji kupita tena kwenye cherehani. Mengine mengi unaweza kuyamaliza nyumbani kwa sindano na uzi.

Shati mlilonunua lina kafu ya kawaida, yaani ule ukanda wa mwisho wa mkono wa shati: upande mmoja una kifungo, mwingine una tundu, na ukifunga, upande wa tundu unapanda juu ya ule wa kifungo. Kafulinki inafanya kazi kwa namna nyingine. Inataka tundu pande zote mbili, na kingo za kafu hazipandani bali zinakutana, ndani kwa ndani, zikasimama pamoja upande wa nje wa mkono. Kwa hiyo dawa ni kukitoa kifungo na kutoboa tundu mahali kilipokuwa. Watu wengi huogopa kwamba kafu itabana au itapwaya baada ya kazi hiyo. Haibadiliki, kama tundu jipya limewekwa pake. Mzunguko unaoushika mkono ni umbali kati ya kifungo na tundu, na umbali huo unabaki ule ule.

Tuchukue vipimo vya kawaida. Lifungue kafu, lilaze mezani, lipime kwa futi ya fundi. Tuseme lina urefu wa sentimita 24. Kifungo kiko sentimita 1.2 kutoka ukingo wa upande wake, na mwisho wa nje wa tundu uko sentimita 1.2 kutoka ukingo wa pili. Ukitoa hizo mbili unabaki na sentimita 21.6, na huo ndio mduara utakaozunguka kifundo cha mkono. Mkono wenye mzunguko wa sentimita 17 au 18 unakaa humo vizuri na nafasi ya saa inapatikana. Mwambie fundi kwamba mwisho wa nje wa tundu jipya uangukie pale pale palipotoka kifungo, kisha tundu lielekee ndani kwa sentimita 1.5, likiwa limelala sambamba na tundu la zamani. Fundi akiliweka tundu katikati ya alama ya kifungo, mduara utaongezeka kwa milimita saba na nusu na kafu litashuka hadi kwenye kiganja. Hilo ndilo kosa linalotokea zaidi, kwa sababu wengi wamezoea kupima kwa kuangalia katikati ya tundu.

Kama kafu lina vifungo viwili vilivyokaa bega kwa bega, vile vya kurekebishia upana, bwana harusi avae shati kwanza ili mchague kimoja. Toeni vyote viwili lakini toboeni tundu moja tu. Kile kifungo kidogo kilicho juu zaidi, kwenye mpasuko wa mkono, kiacheni.

Kabla ya kulipeleka kwa fundi, lifueni shati na kulipiga pasi. Pamba huweza kurudi kwenye maji ya kwanza, na tundu lililotobolewa kabla ya kufua halitalingana tena na mwenzake. Fundi naye ajaribu mashine ya matundu kwenye kipande cha kitambaa chenye unene sawa na kafu, kwa maana kafu lina tabaka mbili za pamba na kitambaa kigumu katikati. Tundu lishonwe kwanza, likatwe baadaye, na wakati wa kulikata pini ichomwe kwa kukingama kwenye mwisho wake, wembe usije ukaupita mshono. Nyuzi nyeupe zinazochungulia baada ya hapo zipunguzwe kwa mkasi mdogo, zisivutwe.

Kuna jambo moja litakalobaki. Kafulinki nyingi za maboksi ya zawadi zina shingo ndefu, iliyokadiriwa kwa kafu la kukunja, ambalo lina unene mara mbili ya hilo lenu. Kwenye kafu la kawaida shingo hiyo inacheza, na kichwa kinaning'inia. Mkiona hivyo, kata kipande cha felti nyeupe chenye upana wa kifungo cha shati, kitoboe katikati, ukivishe kwenye shingo upande wa nyuma ya kafu kabla ya kugeuza kijiti cha kufungia. Hakionekani, na kinakaza.

Kama bado mna wiki tatu au nne, mimi ningeshona shati jipya lenye kafu la kukunja. Kwa suti ya harusi ndilo lenye heshima yake. Kafu hilo hukatwa likiwa na upana wa sentimita 13 hivi, likikunjwa linabaki 6.5, na linahitaji matundu manne kila mkono, manane kwa shati zima. Siri yake iko kwenye kuweka alama. Kitambaa kinapogeuka kwenye kunjo kinakula milimita mbili au tatu, hivyo matundu yaliyopimwa kafu likiwa limefunguliwa hayaonani likikunjwa. Fundi alikunje kwanza, alipige pasi, kisha apitishe sindano tabaka zote mbili kwa pamoja na kuweka alama inapoingia na inapotokea.

Hakikisheni pia kwamba mkono wa koti unalipokea hilo kafu. Kingo zinazokutana zinasimama na kuhitaji nafasi kuliko zile zinazolaliana. Mkono wa koti ukilazwa mezani, mdomo wake usipungue sentimita 14. Ukiwa chini ya hapo, kafu litakwama ndani kila bwana harusi akinyanyua mkono, wala halitashuka lenyewe. Mikono ikiwa imetulia, shati lionekane sentimita moja hadi moja na nusu nje ya koti. Kichwa cha kafulinki hakitaonekana chote, na ndivyo inavyotakiwa. Kitajitokeza akikunja mkono kukata keki au kusaini cheti.

Kuvaa kafulinki peke yako ni kazi, hasa kwa mkono unaoutumia zaidi. Mpambe wake afanye hivi: akutanishe kingo mbili za kafu upande wa kidole kidogo, kijiti cha nyuma kikiwa kimenyooshwa sawa na shingo, akipitishe kutoka nje kwenda kwenye mwili, kisha akigeuze kikingame. Uso wenye pambo uangalie nje, ili mtu anayetazama kwa pembeni auone. Kabla ya siku yenyewe kigeuzeni kijiti mara kadhaa na mkitingishe. Kinatakiwa kusimama kwa kukaza, mkikisikia kikishika. Kinachogeuka chenyewe kitafunguka katikati ya muziki, na sonara anaweza kukibana kidogo kwa koleo. Pitisheni pia kucha kwenye pembe zake, kwa sababu pembe yenye ncha huchana bitana ya mkono wa koti taratibu, na mtaligundua hilo suti ikiwa imeshaharibika.

Kibanio cha tai nakuomba ukiweke pembeni kabisa. Suti ina kizibao, na kizibao ndicho kinachoishika tai. Kibanio chini yake hakionekani, kinavimbisha kitambaa, na ukikipandisha juu ya ukosi wa kizibao ili kionekane, kinakaa karibu mno na fundo la tai. Mpe mpambe, kama yeye amevaa koti na shati tu.

Hata kwa mpambe, kisizidi upana wa tai. Tai haina upana mmoja, kwa hiyo pimeni pale kitakapokaa, kati ya kifungo cha tatu na cha nne cha shati kuanzia juu. Tai ambayo ncha yake ni sentimita 7.5 inaweza kuwa na sita tu mahali hapo. Kibanio kichukue nusu hadi robo tatu ya upana huo, yaani sentimita tatu hadi nne na nusu. Kishike mambo matatu kwa pamoja: tai ya mbele, tai ya nyuma, na ule ukanda wa shati wenye vifungo. Kikishika tai mbili tu bila shati, kinakuwa pambo linalobembea. Kikishakamata, vuta tai juu kidogo ilegee kwa sentimita moja juu ya kibanio, la sivyo kila akikaa fundo litamvuta shingoni. Angalieni meno yake. Meno makali huacha alama za kudumu kwenye hariri, na kibanio cha namna hiyo ni bora kitumike kwenye tai nzito ya sufu au pamba.

Sasa pini ya kola, ambayo nadhani ndiyo inayokukera zaidi kwa sababu picha zote za harusi zitaionyesha. Pini za ua zenye uzito huinama kwa sababu mbili, na mara nyingi zote mbili ziko pamoja. Ya kwanza ni mahali sindano iliposhikizwa nyuma ya ua. Ikiwa katikati au chini ya katikati, sehemu ya juu inakuwa nzito na ua linapinduka mbele. Ya pili ni kwamba sindano iko moja. Sindano moja ni mhimili, na kitu chochote kinachoning'inia kwenye mhimili mmoja kitazunguka mpaka upande mzito uwe chini.

Dawa ya nyumbani inatibu yote mawili kwa kiasi kikubwa. Kata kiduara cha felti nene au ngozi laini chenye upana wa sentimita 2 hadi 2.5, rangi ya buluu iliyokolea kama koti. Pitisha sindano ya pini kwenye kola kutoka mbele, kisha kwenye kiduara hicho kwa nyuma, ndipo uvishe kizibo chake. Felti inasukuma kola iwe bapa, na kizibo kinapata kitu cha kukandamiza badala ya kuzama kwenye kitambaa. Ikiendelea kuzunguka, mpelekee sonara aunganishe sindano ya pili sentimita moja kando ya ile ya kwanza, na zote mbili ziwe kwenye theluthi ya juu ya ua. Ua la kitambaa lililogundishwa kwenye bati lisiunguzwe na moto wa kulehemu, kwa hiyo mwambie alitoe kwanza, na kama halitoki, mbadilishe pini.

Upande ni wa kushoto, kwenye tundu la kola. Lakini liangalieni tundu hilo kwa karibu kabla ya kulazimisha kitu. Kwenye suti nyingi limeshonwa kwa uzi tu na halijakatwa, na fundi aliliweka kama urembo. Lipinde kola na uangalie upande wa pili: kama huoni mpasuko, limefungwa. Usilikate kwa wembe nyumbani. Fundi aliyeshona koti anajua kama mishono yake imebana kiasi cha kushikilia kingo, na kama haijabana atalishona upya. Kwa pini ya sindano nyembamba si lazima likatwe, ichome tu kwenye kitambaa, juu kidogo ya alama ya tundu.

Ikiwa bwana harusi amepanga kuvaa waridi halisi, pini ya ua ibaki kwenye boksi. Maua mawili kwenye kola moja yanapigana. Kwa waridi halisi ndipo tundu lililofunguliwa linakuwa na maana: kikonyo kinapita tunduni, na nyuma ya kola fundi anaweka kitanzi cha uzi, chini ya tundu kwa sentimita mbili, ili kikishike kisiyumbe. Ukilibana ua kwa pini ya kawaida kupitia kitambaa, maji ya kikonyo yanaacha doa, na kwenye buluu doa hilo huonekana jeupe likikauka.

Kwa mama, hofu yako ina msingi. Satini ina nyuzi ndefu zinazolala juu bila kushikwa, ndiyo maana inang'aa, na ndiyo maana sindano nene ikiziingia inazikata au kuzivuta na kuacha mstari. Kitenge kingesamehe, kwa sababu nyuzi zake zimefumwa kwa kubanana na tundu dogo hufumba ukifua na kupiga pasi. Satini haisamehi.

Kazi ni kuhakikisha kwamba uzito wa brochi haubebwi na satini. Kata kipande cha sentimita 4 kwa 4 cha kile kitambaa kigumu ambacho mafundi huweka ndani ya kola, au felti. Kishikize kwa mkono ndani ya gauni, kwenye bitana na kwenye mshono ulio karibu zaidi, usikishone kwenye satini yenyewe. Sindano ya brochi iingie kwenye satini mara moja, ichukue kipande hicho cha ndani kwa upana wa kutosha, kisha itoke mara moja. Itoboe mara mbili tu, na mahali pake pawe karibu na mshono wa bega, ambapo gauni lenyewe lina nguvu. Kwa mama wa bwana harusi ningeiweka kushoto, chini ya mfupa wa bega kwa upana wa vidole vinne. Ikishuka zaidi ya hapo gauni linavutwa na shingo inaachia upande mmoja. Kabla ya yote, ijaribuni sindano kwenye pindo la ndani la gauni: ikivuta uzi hapo, itavuta na kifuani.

Brochi yenye uzito unaousikia wazi ukiiweka kiganjani haifai satini hata kwa maandalizi haya. Mama aivae kwenye mtandio au koti, na atakuwa amependeza vile vile.

Zipo brochi za sumaku ambazo hazitoboi kitambaa, na kwa satini ni nzuri. Lakini uliza kwanza kama mama, au mzee yeyote atakayekumbatiwa naye kwa karibu, amewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo. Sumaku inatakiwa ikae angalau sentimita 15 mbali na kifaa hicho, na brochi ya kifua cha kushoto haiwezi kuutimiza umbali huo. Kama jibu ni ndiyo, turudi kwenye sindano.

Siku ya harusi mama atakumbatiwa na watu wengi. Hapo ndipo brochi zenye kulabu ya wazi hufunguka. Tafuta yenye kizuizi cha kuzungusha mbele ya kulabu, au mpe sonara akuwekee. Na kila anapopokea mtoto mgongoni au kifuani, brochi itoke kwanza.

Mjomba ana macho mazuri, lakini mahali alipolitaka jiwe sipo. Tanzanite, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, si ngumu sana: inakaa kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, na ina upande mmoja ambao ikigongwa hupasuka kwa urahisi. Vumbi letu lina chembe za kwatzi zenye ugumu wa 7, kwa hiyo hata kulifuta jiwe kwa kitambaa kikavu kunalichubua. Kafulinki ndiyo pambo linalogongwa kuliko yote: kwenye meza, mlango wa gari, na mimbari. Isitoshe, ziko mbili, na kulinganisha jozi ya tanzanite si jambo dogo, maana jiwe hilo hubadilika rangi kulingana na upande lilivyokatwa. Mawe mawili yanayofanana mchana yanaweza kutofautiana chini ya balbu za ukumbini, moja likabaki buluu na jingine likaelekea zambarau.

Kama mjomba anataka kutoa tanzanite, atoe jiwe moja dogo kwenye pini ya kola au brochi, ambazo hazigongwi hovyo. Sonara alizungushie ukingo wa chuma pande zote badala ya kulishika kwa makucha, na lijengwe juu ya sindano mbili kwa sababu zile zile za ua lako. Kwenye buluu ya suti hiyo, chuma cheupe kitalitoa jiwe zaidi ya dhahabu. Lisafishwe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na brashi ya meno ya mtoto, na lisipelekwe kwenye mashine za kusafishia kwa mitetemo. Anunue kwa mfanyabiashara mwenye leseni na achukue risiti yenye uzito wa jiwe na jina lake, kwa kuwa vioo vya buluu vipo vingi mtaani.

Kwa hiyo ukilipanga boksi upya, bwana harusi anabaki na kafulinki, ua moja kwenye kola, na leso nyeupe mfukoni iliyokunjwa bapa. Chuma cha kafulinki kilingane na saa na bizimu ya mkanda kama anavaa mkanda. Pete iachwe kwenye hesabu hiyo, ina nafasi yake. Manukato yapigwe kabla ya kuvaa hivi vyote, kwa sababu rangi ya dhahabu iliyopakwa juu ya shaba huchujuka ikikutana na manukato na jasho, na Desemba ya Moshi ina joto la kutosha. Shati lipelekeni kwa fundi wiki hii, halafu avae suti yote nzima jioni moja, akae, anyanyue mikono na kumkumbatia mtu, wakati bado kuna siku za kurekebisha.